Ncha ya Herufi L

Mnunuzi yuko Dar es Salaam, sarafu iko Tabora, na kati yao zimeshapita picha tano ambazo hazijasema kitu. Ya kwanza ni duara la kahawia lenye ukungu. Ya pili sarafu imeshikwa kwa vidole viwili, nayo imefifia kabisa, ila maua ya zulia la sakafuni yanahesabika moja moja. Ya tatu imepigwa kwa flashi, na katikati ya shaba kumebaki doa jeupe kama yai la kukaanga. Mbili za mwisho afadhali zisitajwe. "Kaka, piga tena," anaandika mnunuzi. "Nataka kuona ncha za herufi L."

Mwenye sarafu anashangaa. Ncha za herufi? Yeye alidhani swali litakuwa bei.

Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuuza pete, ushanga, stempu au saa kwa njia ya simu anaijua hali hiyo. Lakini sarafu za Tabora zinafaa kuwa mfano, kwa sababu hapo picha ya karibu si pambo. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea na meli za Waingereza zikiwa zimeuziba mwambao, koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki liliishiwa sarafu. Wajerumani wakaamua kuzigonga wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano. Senti hizo ziliitwa heller, na 100 kati yake zilifanya rupia moja. Ile ya heller 20 ina kipenyo cha karibu milimita 29. Upande mmoja una taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. za jina la koloni kwa Kijerumani, na chini kabisa herufi T ya Tabora. Upande wa pili una thamani yake na neno HELLER.

Kwa kuwa kazi ilifanywa kwa haraka, mihuri iliyotumika haikufanana. Wakusanyaji wa sarafu wamezigawa heller 20 kwa kutazama mambo mawili: taji ni kubwa au dogo, na herufi mbili za L katika HELLER zimeishia vipi. Kuna aina ambayo ncha ya L ya pili tu ndiyo iliyojikunja, kuna ambayo ncha zote zimechongoka, na kuna ambayo zote zimejikunja. Bei hufuata aina. Ncha yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama, na ndiyo mnunuzi anayoitaka.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kuisogeza simu karibu. Linaonekana la busara, maana jicho nalo husogea likitaka kuona zaidi. Simu haikubali. Ikifika mahali fulani picha inatibuka, mwenye simu anagusa kioo, kamera inahangaika mbele na nyuma, halafu inakata tamaa na kuchagua zulia.

Sababu iko ndani ya kamera, nayo ni ya kimakanika. Kadiri kitu kinavyokaribia lenzi, ndivyo lenzi inavyotakiwa kusogea mbele, mbali na kile kipande kinachopokea mwanga, yaani kihisi. Ndani ya simu lenzi husukumwa na mota ndogo sana, na nafasi yake ya kutembea ni sehemu tu ya milimita. Chukua kamera kuu ambayo urefu wa fokasi wa lenzi yake ni milimita 6 hivi. Ili ione sawasawa kitu kilicho umbali wa sentimita 15, lenzi hiyo inabidi isogee robo ya milimita kutoka pale inapokaa ikipiga mlima wa mbali. Kwa kitu kilicho sentimita 5, safari hiyo inazidi mara tatu. Simu nyembamba haina chumba hicho. Na kwa kuwa kamera kuu za simu za bei kubwa zimekuwa na vihisi vikubwa na lenzi ndefu zaidi mwaka hadi mwaka, nyingi sasa huona karibu vibaya kuliko za zamani. Kamera kuu ya iPhone 13 Pro huanza kuona vizuri kwenye sentimita 15 hivi, ile ya 14 Pro kwenye 20. Mtu amenunua simu mpya, anaona sarafu yake imezidi ukungu, anadhani amepigwa.

Hapo ndipo makro inapoingia. Watengenezaji hawakuifundisha kamera kuu kuona karibu. Walimpa kazi mwenzake.

Mwenzake huyo ni wa aina mbili. Katika simu za bei ya kati, hasa zile zilizotoka kuanzia mwaka 2020 hivi zikiwa na matundu matatu au manne mgongoni, kuna kajicho kadogo ka makro peke yake. Redmi Note 9 ina kamoja ka megapikseli 2, Galaxy A51 ina ka megapikseli 5. Kajicho hako kwa kawaida hakana mota. Fokasi yake imegandishwa kiwandani, mara nyingi karibu na sentimita 4, na hapo ndipo kanapoona. Kugusa kioo hakusaidii fokasi hata kidogo. Kunabadilisha mwanga tu. Anayesogea ni simu nzima, si lenzi.

Simu za bei ya juu zina njia nyingine. Lenzi pana, ile inayopiga ukumbi mzima wa harusi, ina urefu wa fokasi mdogo sana, tuseme milimita 2. Lenzi ya namna hiyo ikipewa mota na kusogea ile ile robo ya milimita au pungufu kidogo, inafika sentimita 2. Ndiyo hesabu iliyotumika kwenye iPhone 13 Pro na Galaxy S21 Ultra mwaka 2021, na Pixel 7 Pro mwaka uliofuata. Simu inapohisi kitu kimekaribia, inaruka yenyewe kutoka kamera kuu kwenda lenzi pana. Kwenye iPhone alama ya ua hutokea pembeni mwa kioo, na kwenye Samsung hujitokeza alama ya Focus enhancer.

Kuruka huko kuna kero yake. Kioo kinaendelea kusema `1x`, kana kwamba kamera kuu bado iko kazini, kumbe picha inatoka kwenye lenzi pana, ikakatwa pembeni na kukuzwa ili ifanane. Mkono ukitikisika kidogo simu inarudi kwenye kamera kuu, kisha inaruka tena, na sarafu inachezacheza kama kitu kilicho ndani ya maji. Dawa kwa iPhone ni kwenda Settings, kisha Camera, na kuwasha Macro Control. Tangu hapo alama ya ua inakuwa swichi ambayo mwenye simu anaiwasha na kuizima mwenyewe. Na anayetaka pikseli zote za lenzi pana achague `.5` kabisa, asogee karibu, akate picha baadaye.

Umbali sahihi haukisiwi, unapimwa, na kipimo chake ni kazi ya dakika mbili. Weka rula ya shule mezani, uilaze juu ya ukurasa wa gazeti. Simamisha rula nyingine wima kando yake. Fungua kamera katika modi ya makro, anza juu, teremsha simu polepole huku ukitazama herufi za gazeti, na upige picha kila baada ya sentimita moja. Kisha zikuze zote kwenye kioo kwa kiasi kimoja. Picha moja itakuwa kali kuliko nyingine. Umbali wake ndio wa simu hiyo. Uandike. Kwa kamera ya fokasi iliyogandishwa, namba hiyo haitabadilika hadi simu ife.

Rula iliyolala chini nayo ina habari yake, na wengi huipuuza. Inaeleza picha imebeba sentimita ngapi kwa upana. Tuseme kamera ya makro ya megapikseli 2, ambayo picha yake ina pikseli 1,600 kwa upana, imeonesha sentimita 6 za rula. Kila sentimita imepata pikseli 267, kwa hiyo sarafu ya milimita 29 inapata pikseli 770 kutoka ukingo hadi ukingo. Sasa tuseme kamera kuu ya simu hiyo hiyo inaweza kufokasi kwenye sentimita 10, na picha yake yenye pikseli 4,000 imeonesha sentimita 14. Kila sentimita imepata pikseli 286, na sarafu imepata 830.

Yaani kamera kuu, ikiwa mbali zaidi ya mara mbili, imeleta habari nyingi kuliko ile yenye jina la makro. Ongeza kwamba kihisi chake ni kikubwa, hakina chenga nyingi kwenye mwanga hafifu, na kina fokasi inayosogea. Kwa simu nyingi za bei ya kati, kwa maoni ya mwandishi huyu, kajicho ka makro kaliwekwa ili tangazo lisomeke "kamera nne". Apimaye kwa rula ataona mwenyewe kama simu yake imo katika kundi hilo. Ikiwa imo, njia bora ya kupiga sarafu ni kuiacha modi ya makro, kurudi nyuma sentimita 10, kufokasi kwa kamera kuu na kukata picha baadaye.

Yupo pia msaidizi mmoja wa bei nafuu: lenzi ya sonara, kile kikuzaji kidogo cha kushikia jichoni. Kile cha ukuzaji wa mara 10 kina urefu wa fokasi wa milimita 25. Kikibanwa mbele ya kamera kuu kwa utepe wa gundi, kamera inaona vizuri kwenye sentimita mbili na nusu hivi. Kingo za picha zitapinda na kufifia, lakini katikati, penye herufi mbili za L, patakuwa pakali.

Ukaribu unaleta tatizo la pili: unene wa sehemu inayoonekana vizuri unapungua. Ukipiga mtu aliye mita tatu mbele, pua, masikio na ukuta wa nyuma vyote vinakaa sawa. Ukiwa sentimita 15 kwa kamera kuu, sehemu kali ina unene wa milimita 4 hivi. Ukiwa sentimita 2 kwa lenzi pana, ni kama milimita moja. Sarafu ni bapa, kwa hiyo ingetosha, mradi simu iwe imelala sambamba nayo. Simu ikiinama nyuzi 10 tu, kiasi ambacho mkono hauhisi, ukingo mmoja wa heller 20 unakuwa mbali na kamera kwa milimita 5 kuliko ukingo wa pili. Taji linakuwa kali, herufi T inayeyuka.

Dalili yake haifichiki: upande mmoja wa picha ni mkali, wa pili ni ukungu, na mpaka kati yao unapita kama mstari. Picha iliyotikisika haina mpaka huo, yenyewe imefifia kote na kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja. Aliyekosea umbali naye anajulikana, kwani picha yake ina ukungu laini kote, bila kuvutwa popote. Ukishajua kutofautisha haya matatu, hupigi tena picha ishirini kwa kubahatisha.

Tiba ya kuinama ni kutotumia mkono. Panga vitabu mafungu mawili hadi umbali uliopimwa kwa rula, laza simu juu yake kama daraja, na kamera iangalie chini kupitia pengo. Kuhakikisha usambamba, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu. Kwenye skrini litaonekana tundu la kamera likijitazama lenyewe. Likiwa katikati kabisa ya picha, simu na meza viko sambamba. Likiwa pembeni, sukumiza kipande cha karatasi iliyokunjwa chini ya upande mmoja wa simu mpaka lirudi katikati. Kisha ondoa kioo, weka sarafu, na upige kwa saa ya sekunde 3 ili kidole kisiguse simu wakati picha inachukuliwa.

Mpaka hapa sarafu ina ukali. Bado haionekani.

Simu iliyo sentimita 4 juu ya sarafu ni paa. Upana wake ni kama sentimita 7 na nusu, na chini yake ni giza la pangoni. Kamera hujitahidi kwa kuongeza usikivu wa kihisi, na matokeo yake ni chenga, kisha programu ya simu inazifuta chenga hizo pamoja na mikwaruzo na ncha za herufi. Wengi wanaolalamika kwamba makro ya simu yao inatoa picha kama zilizopakwa rangi ya maji wanalaumu lenzi bure. Tatizo lao ni kiza.

Flashi haiwaokoi. Taa hiyo imekaa sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo kwa ukaribu huo inaunguza upande mmoja wa sarafu na kuuacha mwingine. Ukirudi nyuma, mwanga wake unapiga shaba na kurudi moja kwa moja kama kwenye kioo. Hilo ndilo yai la kukaanga.

Kinachohitajika ni mwanga wa ubavuni, na dirisha la saa tatu asubuhi lisilopigwa na jua moja kwa moja linatosha kabisa. Meza isogezwe dirishani. Halafu simu igeuzwe ili ile kona yenye kamera ndiyo iwe upande wa dirisha. Jambo hili ni dogo na karibu hakuna anayelifanya. Kamera ya simu haikai katikati ya mgongo, imekaa pembeni, sentimita moja au mbili kutoka ukingoni. Kona hiyo ikielekea dirishani, mwanga unapita chini ya ukingo mfupi na kuifikia sarafu. Ikielekea ukutani, mwanga unalazimika kupita chini ya simu nzima.

Mwanga wa ubavuni una sifa nyingine. Herufi za sarafu zimeinuka kidogo sana, na kwa sarafu iliyopita mikono mingi, mwinuko uliobaki ni kama unene wa karatasi. Mwanga wa juu unaupita bila kuuona. Mwanga unaokuja chinichini unaipa kila herufi upande wa nuru na upande wa kivuli, na kivuli hicho ndicho jicho linachosoma. Mwenye tochi ya simu ya pili ajaribu: azime taa, ashike tochi juu kabisa ya sarafu, kisha aishushe taratibu kando huku akiitazama skrini. Kwanza sarafu ni bapa kama kifungo. Tochi inapokaribia kugusa meza, mwaka 1916 unainuka, halafu taji, halafu mikwaruzo yote ambayo muuzaji asingependa ionekane. Mahali pazuri ni kabla ya hapo kidogo, tochi ikiwa imeinuka kama mkono wa saa unaoelekea kwenye tatu na kupanda kidogo tu kuelekea mbili.

Tochi tupu ni kali mno kwa shaba inayong'aa. Kipande kilichokatwa kwenye chupa nyeupe ya maziwa, kikiwekwa kati ya tochi na sarafu, kinautawanya mwanga. Upande wa pili wa sarafu isimamishwe karatasi nyeupe iliyokunjwa katikati, irudishe mwanga kwenye vivuli visiwe vyeusi tii. Ukiisogeza karatasi hiyo karibu, vivuli vinapungua. Ukiirudisha nyuma, vinakolea. Fundi wa picha anatumia muda mwingi kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye kamera.

Kwa sarafu mpya na inayong'aa kama kioo kuna mbinu nyingine ambayo wapiga picha za sarafu wanaitumia tangu zamani. Kipande cha kioo safi cha dirisha kinasimamishwa kimeinama nusu, nyuzi 45, kati ya sarafu na kamera. Taa inawekwa ubavuni, usawa wa kioo. Sehemu ya mwanga inagonga kioo, inashuka wima hadi kwenye sarafu, inarudi juu, inapenya kioo na kuingia kwenye kamera. Sarafu yote inang'aa kwa usawa. Lakini kioo hicho kinahitaji nafasi ya sentimita saba au nane chini ya simu, hivyo kajicho ka sentimita 4 hakawezi kabisa. Ni kazi ya kamera kuu. Na kwa heller iliyochakaa haifai, kwa sababu inaufuta ule mwinuko mdogo uliobaki.

Usiku, balbu za kubana umeme zina hila yao. Baadhi yake huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Jicho halioni, kamera inaona: picha inatoka na mistari ya giza na nuru iliyolala kama godoro la mistari. Kwenye modi ya Pro, kasi ya kupiga ikiwekwa 1/100 au 1/50, mistari hiyo huondoka, maana kila picha inabeba mzunguko mzima wa taa. Simu isiyo na modi hiyo ibadilishiwe balbu, au isubiri asubuhi. Na taa ya njano isichanganywe na mwanga wa dirisha, la sivyo nusu ya sarafu itakuwa ya shaba nyekundu na nusu ya buluu, na kwa heller 20, ambayo ilitoka kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, rangi ni sehemu ya jibu.

Kitambaa cha chini nacho kina kauli. Juu ya karatasi nyeupe kamera huona mwanga umezidi na kuitia sarafu giza. Juu ya kitambaa cheusi hufanya kinyume, sarafu ikapauka. Upande wa ndani wa boksi la dawa ya meno, ule wa kijivu, unafaa kuliko vyote viwili. Ukibonyeza na kushikilia kidole juu ya sarafu, fokasi na mwanga vinafungwa, na kwenye iPhone hutokea maneno `AE/AF LOCK`. Kisha kidole kikiburuzwa chini, picha inapungua mwanga. Ipungue mpaka sehemu inayong'aa zaidi ianze kuonesha mikwaruzo yake, hapo haijaungua.

Na sarafu isisuguliwe. Ndimu, majivu na dawa ya meno huirudisha shaba kwenye wekundu wake, na mnunuzi anayejua hutambua mara moja kwenye picha ya karibu: mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, na rangi iliyo sawa kote hadi kwenye pembe za herufi, mahali ambapo miaka mia moja ingeacha weusi. Bei inashuka. Kinachopaswa kufutwa ni lenzi ya simu, yenye mafuta ya mfukoni, kwa kitambaa laini cha pamba.

Rudi kwa yule wa Tabora. Simu yake ina kajicho ka makro ka megapikseli 2, na rula imempa sentimita 4. Amepiga moja kwa hako, moja kwa kamera kuu kutoka sentimita 10 juu ya mafungu mawili ya vitabu. Dirisha liko kushoto, kona ya kamera kushoto, karatasi nyeupe kulia. Kioo kimethibitisha usambamba, sekunde 3 zimehesabiwa. Amezikuza zote mbili. Ya makro ina ukubwa wa kutosha, lakini ndani ya herufi kuna utelezi wa programu iliyofuta chenga. Ya kamera kuu ni kali zaidi. Anaikata ibaki sarafu tupu, na anaituma WhatsApp kama Document, kwa sababu ikienda kama picha ya kawaida itabanwa na zile pikseli 830 alizozihangaikia zitapungua njiani.

Upande wa taji hauna ubishi: herufi T ipo, mwaka upo, na mnunuzi anaweza kupima taji. Anageuza sarafu, anapiga upande wa HELLER. L ya kwanza inasomeka hadi mwisho wa mguu wake. Ya pili inaishia kwenye sehemu iliyolika, laini kama kokoto la mtoni. Anahamisha karatasi, anashusha tochi, anaizungusha sarafu robo duara ili mwanga uje kutoka chini ya herufi, anapiga tena. Kivuli chembamba kinatokea kwenye mguu wa L, kinakwenda, kinakatika kabla ya ncha.

Anatuma zote mbili. Mnunuzi anakaa kimya kama dakika kumi.

"Imelika," anajibu. "Ya kwanza naiona, imechongoka. Ya pili siwezi kuapa. Una nyingine?"

Anayo. Iko kwenye kopo la kahawa pamoja na vifungo, na ni ya shaba ya njano.